Mkono wa Kushoto wa Mama Cherehani

Darasa lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi za nyumba, na kila aliyejifunza Kiingereza pale alijifunza huku akinusa rangi mbichi. Kulikuwa na mabenchi manne, feni iliyozunguka inapotaka yenyewe, na ubao mweupe uliochoka kiasi kwamba maandishi ya mwezi jana yalichungulia chini ya maandishi ya leo.

Mwalimu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote chumbani. Darasani walimwita Ticha. Wakishuka ngazi walimwita mwanetu, wakamuuliza kama amekula. Alikuwa ametoka chuoni mwaka uleule na bado aliamini kwamba mtu yeyote akifundishwa kwa upendo ataelewa. Kituo kilimpa miezi mitatu ya majaribio. Wawili waliomtangulia hawakuimaliza.

Jumatatu, miezi hiyo ikiwa imebakiza siku nne tu, Mkuu wa kituo alimsimamisha kwenye ngazi. Alikuwa mama mrefu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa mnyororo, na hakuwa na tabia ya kupoteza maneno.

"Alhamisi saa kumi nitakaa nyuma ya darasa lako. Baada ya hapo nitajua kama unabaki au unakwenda. Unafundisha nini siku hiyo?"

"Vitenzi vya mkia, Mama."

"Vya nini?"

"'Give up', 'give in', 'look after'. Vile ambavyo vitabuni huitwa 'phrasal verbs'. Sisi tunaviita vitenzi vya mkia, kwa sababu kitenzi kinaburuta kaneno kadogo nyuma, na hako kaneno ndiko kanakobadilisha maana yote."

"Mkia," alisema Mkuu, kana kwamba ameonja kitu na bado hajaamua kumeza au kutema. Akaendelea kupanda.

Habari zilifika chumba cha walimu kabla ya Ticha mwenyewe. Mwalimu wa Kompyuta, kijana mcheshi aliyefundisha chumba cha pili, alikuwa amekwisha kumvutia kiti.

"Kaa hapa, dada yangu. Kaka yako nakuokoa. Umewahi kusikia habari za kulia na kushoto?"

"Kulia na kushoto kwa nini?"

"Mikono! Ukiuliza swali, darasa zima linanyoosha. Anayejua jibu ananyoosha mkono wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mkuu kule nyuma anaona msitu wa mikono, anasema, loo, darasa gani hili! Wewe unachagua wa kulia tu. Kazi imekwisha."

Ticha alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatikisa kichwa. "Lakini huo ni uongo, Kaka."

"Si uongo. Ni mpangilio."

"Na wa mkono wa kushoto wanajifunza nini?"

"Wanajifunza kunyoosha mkono," alisema Mwalimu wa Kompyuta. "Dada, wewe una roho nzuri, na roho nzuri haisaini mkataba. Fikiria."

Ticha hakutaka kufikiria. Alikwenda nyumbani, akakata maboksi ya viatu, akatengeneza kadi kubwa zenye neno moja moja: "give", "up", "in", "to", "it", "him", "sugar". Aliziandika kwa kalamu nene ya bluu, akazitazama zilivyopangwa sakafuni, akajisikia mwalimu kweli.

Jumatano alitoka darasani kwa dakika kumi kwenda kutoa nakala. Aliporudi alimkuta Mwalimu wa Kompyuta akitoka mlangoni, akipiga mluzi. Ndani wanafunzi wote walikuwa wameinamia madaftari yao kwa bidii ya ajabu. Mmoja, dereva wa gari la kukodi, alikuwa ameshika lake kichwa chini miguu juu.

"Kuna nini?" Ticha aliuliza.

"Hakuna kitu, Ticha," walijibu kwa sauti moja, jambo ambalo hawakuwahi kuliweza hata walipofundishwa salamu.

Alhamisi saa kumi kasoro, Mkuu aliingia, akapangusa benchi la nyuma kwa kitambaa, akaketi. Alifungua fomu ndefu mapajani, akaweka kalamu juu yake.

Mbele yake walikuwa wanafunzi saba, lakini waliosikika siku zote walikuwa wanne. Kulikuwa na Nesi, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu na sare yake nyeupe. Kulikuwa na Dereva wa gari la kukodi, aliyemuoa dada yake Nesi, kwa hiyo wawili hao hawakuweza kukaa dakika tano bila kuchokozana. Kulikuwa na Mzee Karani, mstaafu wa mahakama, ambaye aliandika kila kitu kwa mwandiko wa kulala na kupigia mstari kwa rula. Na kulikuwa na Mama Cherehani, fundi wa nguo, ambaye hakukosa hata siku moja na hakunyoosha mkono hata siku moja. Alisikika tu akiulizwa, na akiulizwa alijibu kwa kunong'ona.

Ticha aliwasalimu. Sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyoipanga.

"Leo tunaendelea na vitenzi vya mkia. Nani anaweza kuniambia maana ya 'give up'?"

Mikono saba ilipaa kwa mara moja. Hata feni, iliyokuwa imelala, ilianza kuzunguka.

Moyo wa Ticha uliruka kwa furaha. Kisha akatazama vizuri. Mkono wa Nesi, kulia. Mkono wa Mzee Karani, kulia, umenyooka kama anaapa mahakamani. Mkono wa Mama Cherehani, kushoto. Wa Dereva, kushoto, na Dereva akamkonyeza.

Basi ndiyo hivyo. Mwalimu wa Kompyuta alikuwa amewapika darasa zima, tena bila Ticha kujua, na walikubali kupikwa kwa kumpenda. Hilo ndilo lililomuuma. Angewakasirikia vipi watu waliofanya uongo wao wa kwanza darasani ili yeye apate mkataba?

Kule nyuma kalamu ya Mkuu ilisubiri.

"Nesi," alisema Ticha.

"'Give up' ni kuacha kujaribu. Mfano: 'I will not give up'."

"Vizuri. Na 'give in'?"

Msitu ukapaa tena. Ticha alitafuta wa kulia. "Mzee Karani."

"'Give in', kukubali kushindwa. Kama ulivyotuandikisha wiki ya pili, ukurasa wa nne."

"Vizuri sana, Mzee."

Mambo yalikwenda kama maji. Swali, msitu, mkono wa kulia, jibu. Katikati kulikuwa na ajali moja tu: Dereva alisahau mpango, akapunga mkono wa kushoto huku akipiga kelele kwamba anajua, anajua kabisa, na Nesi akamfinya.

"Shemeji, wewe ni wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa, ulisema utajirekebisha!"

"Nimesahau, nimezoea!"

Darasa liliangua kicheko, kisha likakikata ghafla. Ticha alimtupia jicho Mkuu. Mkuu hakuwa amecheka. Hakuwa ameandika hata herufi moja.

Dakika kumi na tano zilikuwa zimepita na hakuna mtu chumbani aliyekuwa amejifunza kitu chochote. Ticha alitazama zile kadi zake juu ya meza, bado zimefungwa kwa mpira. Alimtazama Mama Cherehani, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umepanda na kushuka mara sita, kwa utiifu, huku macho yake yakiwa sakafuni. Katika miezi mitatu mama yule hakuwahi kunyoosha mkono, na leo alikuwa ananyoosha ili asiulizwe.

"Nani atanipa sentensi yake mwenyewe, yenye 'give up' au 'give in'? Sentensi ya maisha yake?"

Msitu. Ticha alivuta pumzi.

"Mama Cherehani."

Mkono ulibaki juu, umeganda. Mama Cherehani alitazama mkono wake, akamtazama Ticha, akautazama tena mkono.

"Ticha," alinong'ona, kwa mnong'ono uliosikika mpaka duka la rangi. "Huu ni wa kushoto."

Nesi alijifunika uso kwa daftari. Mzee Karani alikohoa kikohozi cha mahakamani. Kule nyuma benchi lilitoa mlio mdogo, kwa sababu Mkuu alikuwa ameinama mbele.

"Najua, Mama," alisema Ticha. Masikio yalimwaka moto. "Ndiyo maana nimekuita wewe. Wa kulia wameshajua. Mimi nimekuja kwa ajili ya wa kushoto." Akamgeukia Mkuu. "Mama, mikono hii ina siri. Sikuipanga mimi, lakini niliiona tangu swali la kwanza na nikaitumia. Naomba nianze somo upya."

Mkuu alitazama saa yake. "Umebakiza dakika thelathini na tano," alisema.

Mama Cherehani alikuwa amesimama tayari, ameshikilia pindo la blauzi yake. "Mimi sentensi ninayo," alisema. "Lakini iliniharibia."

"Tuambie tu, Mama."

"Kuna hoteli ilinipa sare za wahudumu nishone. Msimamizi wao hajui lugha yetu, tunaandikiana kwa simu, Kiingereza. Mimi nilitaka kuweka zipu. Yeye anataka vifungo. Nikamwambia zipu. Akasema vifungo. Siku mbili, zipu, vifungo, zipu, vifungo. Mwisho nikasema, basi bwana, yaishe, wewe ndiye mwenye sare. Nikafungua daftari langu, ukurasa wa nne." Alimtazama Ticha kwa haya, kana kwamba anamuomba radhi yeye. "Kulikuwa na maneno mawili, maana ni moja. Nikachagua la juu. Nikaandika: 'I give up the uniforms'."

"Ala!" alisema Dereva.

"Asubuhi akaja kijana na gari, akachukua vitambaa vyote. Akasema bosi kasikitika sana, ila kama fundi mwenyewe kaacha kazi, wafanyeje? Nikabaki namkodolea macho. Mimi nimemkubalia vifungo, yeye anachukua vitambaa!"

Hakuna aliyecheka. Ticha hakuhitaji kufungua ukurasa wa nne. Aliukumbuka. Wiki ya pili alikuwa na haraka ya kumaliza orodha, akawaandikisha maneno arobaini kwa saa moja, na mbele ya "give up" na mbele ya "give in" aliandika maneno yaleyale mawili, kukubali kushindwa, kwa sababu ndiyo yaliyomjia kwanza. Kazi ya mtu ilikuwa imeondoka ndani ya gari kwa sababu ya mstari ule.

"Kosa hilo si lako, Mama. Ni langu," alisema. "Niliwapa orodha na sikuwapa maana. Una sindano hapo?"

Kumuuliza fundi kama ana sindano ni kumuuliza samaki kama ana maji. Mama Cherehani alizitoa tatu kwenye kola yake, na uzi kutoka mfukoni.

"Mzee Karani, njoo utunge uzi huu. Vua miwani."

"Bila miwani? Binti, hiyo ni hukumu bila kusikilizwa!"

Lakini alikuja. Alilamba uzi, akalenga, akakosa. Akalenga tena, akatunga hewa. Mara ya tano aliiweka sindano mezani kwa heshima zote.

"Nimeacha. Siwezi."

"Kuna mtu yeyote aliyekuwa anashindana na Mzee?"

"Hakuna," alisema Nesi. "Ni yeye na macho yake."

"Basi Mzee 'gave up'. Alikuwa anafanya jambo, ameliacha. Sasa Nesi na Dereva, wekeni viwiko hapa mezani."

Hawakuhitaji kuombwa mara mbili. Dereva alikunja shati. Nesi alikunja sare, akafunua mkono uliozoea kugeuza wagonjwa vitandani.

"Shemeji, nitakuhurumia kwa sababu ya dada yako," alisema Dereva.

"Jihurumie mwenyewe, anayekupikia ni huyohuyo dada yangu."

Mikono ikashikana. Meza ikalia. Dereva alianza na tabasamu, tabasamu likawa meno, meno yakawa jasho. Darasa lilisimama juu ya mabenchi. Mkono wa Dereva ulianza kulala, polepole, kama mlango unaofungwa na upepo.

"Yaishe! Yaishe, shemeji, umenishinda!"

"Hapo," Ticha alipaza sauti juu ya vigelegele. "Hapo ndipo 'give in'! Kuna nguvu upande wa pili inakusukuma. Unaizuia, unaizuia, halafu unaiachia ipite. Dereva 'gave in'. Na ukitaka kutaja aliyekusukuma, unaongeza 'to': 'He gave in to Nesi'."

"Hilo usiliandike ubaoni," alisema Dereva, akisugua kiwiko. Kisha akainua kidole, maana alikuwa mshabiki wa mieleka ya kwenye runinga. "Lakini Ticha, kule ulingoni mtu akibanwa shingo husema 'I give up'. Na aliyembana si yupo palepale?"

Swali lilikuwa zuri, na kwenye mpango wa somo halikuwepo. Ticha alifikiri kidogo.

"Yupo, na anaweza kusema hivyo. Akisema 'I give up', anasema: mimi naacha kupigana. Akisema 'I give in', anasema: nguvu zako zimenizidi. Ulingoni mambo yanaishia palepale, lakini moja linatazama kile unachokiacha na jingine linamtazama anayekusukuma. Kwenye sare za Mama, tofauti ndiyo ilikuwa hiyo. Aliyekuwa anamsukuma ni msimamizi na vifungo vyake. Alichokiacha ni zipu tu. Lakini aliandika 'give up', na mbele yake akaweka sare."

"Nikawa nimeacha sare," alisema Mama Cherehani polepole. "Wakati nilitaka kusema... 'I give in'. Chukua vifungo vyako."

"Hata usingizi unasukuma," alisema Nesi. "Zamu ya usiku, saa tisa."

"'Give in to sleep'. Sawa kabisa. Si lazima awe mtu."

Sasa Ticha alivua mpira kwenye kadi. Mzee Karani alipewa "give", Dereva "up", Nesi "sugar", Mama Cherehani "it". Akawasimamisha mbele ya ubao.

"Nesi ndiye anayetuambia tuache sukari. Jipangeni."

Walijipanga: "give up sugar". Kisha Ticha akamshika Nesi mabega, akamwingiza katikati: "give sugar up".

"Ipi ni kosa?"

Walisita. Mkono mmoja ulinyooka, ukasita, ukabadilishwa na mwingine.

"Hakuna," alisema Ticha. "Zote mbili ni sahihi. Mkia huu unahama. Sasa Nesi akae, aingie Mama Cherehani."

Mama Cherehani, na kikadi chake cha "it", alikwenda kusimama mwishoni, nyuma ya Dereva, mahali alipozoea kusimama kila mahali.

"Hapo hapana, Mama. Kaneno kadogo kama 'it' au 'him' au 'them', kwenye kitenzi cha mkia unaohama, hakakai mwisho. Lazima kaingie katikati. 'Give it up'. 'Give up it' hakuna anayesema."

"Yaani mdogo ndiye anayekaa katikati?"

"Ndiyo sheria. Wamshike huku na huku."

Mzee Karani na Dereva wakamsogelea, bega kwa bega, na Mama Cherehani akabaki katikati akicheka kwa mara ya kwanza tangu achukue fomu ya kujiunga.

"Na jina likiwa refu?" aliuliza Nesi kutoka benchini. "Nikitaka kuacha vitu vyote vitamu vilivyomo kabatini mwa dada yangu?"

"Jaribu. Watu wote waliokaa, wawe hayo maneno, ingieni katikati."

Mama Cherehani akapisha, wanafunzi watatu na Nesi wakajibanza kati ya "give" na "up". Dereva alisukumwa mpaka mlangoni. "Mimi huku mkia nimesahauliwa!" alilalamika. "Mpaka mtu afike kwangu amesahau sentensi ilianzaje!"

"Ndiyo sababu jina likiwa refu, mkia hubaki karibu na kitenzi. Umejijibu mwenyewe."

Mwisho alibadilisha kadi. Dereva akawa "in", Nesi akawa "to", Mama Cherehani akawa "him". Mama Cherehani, akiwa ameipenda nafasi yake, akaenda moja kwa moja katikati, akambana Mzee Karani.

"Hapana hapo, Mama," alisema Ticha, na safari hii alimuuliza badala ya kumwambia. "Kwa nini?"

Mama Cherehani alitazama kadi ya Nesi, akatazama yake, kama anavyotazama vipande viwili vya kitambaa kabla ya kuviunganisha.

"Kwa sababu 'him' ameletwa na 'to'," alisema, si kwa mnong'ono. "Mimi na Nesi ni vazi moja. Huyu 'in' hana mtu wake. Amemshika 'give', basi." Akarudi mwishoni, akamshika Nesi mkono. "'Give in to him'."

Ticha alitaka kumkumbatia, lakini Mzee Karani alikuwa amenyoosha mkono. Mkono wa kushoto.

"Mheshimiwa Ticha. Mimi sijui, kwa hiyo nauliza. Nilipokuwa shule, mwalimu wetu kila Ijumaa alisema: 'Give in your books'. Na hatukushindana naye hata kidogo. Tulimpa tu vitabu."

Ticha alikuwa amekwisha kufungua mdomo kusema kwamba Mzee hakusikia vizuri, kwamba ni zamani sana. Akaufunga.

"Sikuliandaa hilo," alisema. "Nadhani Mzee yuko sahihi, lakini nisiwaandikishe tena kitu bila kuhakikisha. Nani ana kamusi? 'Let's look it up'."

"'It' katikati!" alipiga kelele Dereva.

Kamusi kubwa ilikuwa kwenye rafu ya nyuma. Aliyeifikia kwanza alikuwa Mkuu. Aliinuka, akavaa miwani, akapitisha kidole, kisha akampa Ticha kitabu kikiwa wazi. Ticha alisoma. Ndiyo, ilikuwapo 'give in' nyingine, ya kukabidhi kazi kwa mwalimu. Na hiyo ina kitu kinachokabidhiwa, kwa hiyo mkia wake unahama: 'give in your books', 'give your books in', 'give them in'.

"Kwa hiyo swali la kuuliza si mkia gani," alisema Ticha, akijieleza mwenyewe kadiri alivyokuwa akiwaeleza wao. "Swali ni maana gani, na je, maana hiyo ina kitu inachokishika? Mzee Karani, asante. Umenifundisha."

Mzee Karani aliketi, akapigia mstari kwa rula kitu ambacho alikuwa bado hajakiandika.

Saa ilipofika, hakuna aliyeondoka. Mkuu alikuwa amerudi benchini na alikuwa anachezea sindano ya Mama Cherehani aliyoikuta mezani. Alikuwa amevua miwani. Alilenga uzi, akakosa. Akalenga tena.

"'I give up'," alisema kwa utulivu, akaiweka chini. Kisha akamtazama Ticha. "Mwalimu wa Kompyuta alidhani ule mchezo wa mikono ameubuni yeye. Mimi niliucheza nikiwa na umri wako, mkaguzi akanisifu, na nikafundisha miaka mitatu bila kujua nani haelewi. Leo nilikaa robo saa nikisubiri nione kama utachagua wa kushoto. Ulichelewa."

"Ndiyo, Mama. 'I gave in'."

"Kwa nani?"

"Kwa woga."

"Woga unasukuma," alikubali Mkuu. Alichomoa karatasi mbili kutoka chini ya fomu yake, zenye muhuri wa kituo, akazinyoosha juu ya meza. Juu kabisa palikuwa pameandikwa neno mkataba. Ticha aliliona, machozi yakamlenga, akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Mkuu alianza kuelekea mlangoni. Pale mlangoni aligeuka, na kwa kuwa lilikuwa darasa la Kiingereza, alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya ofisini:

"'Fill in it, and give in it on Friday'."

Wanafunzi walitazamana. Nesi aling'ata kidole. Mzee Karani, aliyejua vizuri nani husahihishwa na nani husahihisha, alitazama dari.

Mama Cherehani alisimama. Hakunyoosha mkono wowote.

"Samahani, Mama Mkuu," alisema, kwa sauti ambayo hata wauza rangi waliisikia. "'It' anakaa katikati. 'Fill it in. Give it in'."

Mkuu alivaa tena miwani yake, akamtazama. Kama alikosea kwa kusudi au alikosea tu kama watu wengine wanavyokosea, hakuna aliyewahi kujua, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

"Sawa," alisema. "Katikati." Akashuka ngazi.

Mama Cherehani aliketi, akatoa simu yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja. Dereva alichungulia begani kwake.

"Unamwandikia nani?"

"Msimamizi wa hoteli. Nimwambie sikuacha kazi, nilikubali vifungo. Labda vitambaa bado havijakatwa." Alisita, akamtazama Ticha. "Mwanetu, 'I give in to your buttons', inasemeka?"

Ticha alikaa karibu naye kwenye benchi, mkataba ukiwa bado mezani haujajazwa.

"Inasemeka, Mama," alisema. "Atacheka, lakini safari hii ataelewa."